Namba ya Mama Yao Kwenye Bango la Chakula cha Kuku

Simu ya mama yao ililia asubuhi, nikiwa nakunywa chai.

Tangu tumzike mke wangu haikuwa imelia. Naichaji, naiweka mezani pale pale alipokuwa akiiweka mwenyewe, kwa sababu wapo watu wa mbali ambao bado hawajasikia. Siku wakipiga lazima wapate mtu wa kuwaambia. Nikafuta mikono, nikapokea.

"Haloo, chakula cha vifaranga mnacho?"

Sauti ya mwanaume mwenye haraka, pikipiki inanguruma nyuma yake.

"Umekosea namba," nikasema.

"Sijakosea, naisoma hapa. Mnacho au hamna?"

"Hapa ni nyumbani kwa watu."

"Sasa nyumbani kwa watu mnaandika bango la nini?" Akakata.

Chai ilikuwa haijapoa, simu ikalia tena. Mwanamke.

"Leo mnasuka? Namtaka yule dada mwembamba."

"Hapa hakuna dada mwembamba."

"Basi yule mnene."

"Mama, hakuna dada wa aina yoyote. Niko mimi."

"Wewe unasuka?"

Nikakata mwenyewe. Kabla ya adhuhuri alipiga mwingine, akitaka kujua kama kiatu chake kimekwisha kushonwa. Nikamwambia sina kiatu chake. Akasema nilimwambia Jumanne. Nikamwambia Jumanne sikuongea na mtu. Akasema, ndiyo mlivyo nyie mafundi, na leo utasema hata kiatu hukukiona.

Hapo nikajua ni nani wa kuulizwa.

Binti yangu wa mwisho anachora. Hilo hakuna asiyelijua mtaani kwetu. Alipokuwa mdogo alichora ukuta wa chumba chetu, nikampiga, mama yake akakataza ukuta usipakwe rangi. Alichora mifuko ya unga, akachora tangi la maji. Ukimwona jogoo aliyemchora kwenye mlango wa choo, utasita kufungua. Majirani humwita Msanii. Wanamsifu sana. Wakishamsifu wanakwenda zao.

Basi baada ya msiba kila aliyepita mlangoni alikuwa na wazo la jinsi atakavyojipatia riziki. Hakuna aliyekuwa na kazi ya kumpa.

Wa kwanza shemeji yangu, kaka wa mama yao. Alikaa, akakunja nne, akasema, "Achore sura za watu. Watu wanajipenda." Haya. Akamchora mama mshonaji wa nyumba ya tatu, kwa penseli, kazi ya wiki nzima. Mama akaishika picha, akaiweka mbali, akaileta karibu.

"Huyu ni mimi au ni mama yangu?"

"Ni wewe, mama," binti akasema.

"Hizi alama kwenye shingo ni nini?"

"Ni shingo."

"Zitoe."

"Nikizitoa hutakuwa wewe."

Mama mshonaji akasema hata hivyo huyo si yeye, basi binti akae na picha yake. Hakulipa, hakuichukua. Iko nyuma ya kabati.

Wa pili akasema vitu vya mikono. Atengeneze hereni za bati, sinia za maua. Akakata bati mpaka vidole vikawa na plasta vyote. Akaenda kukaa sokoni. Watu walijaa. Walishika, waligeuza, waliuliza, hii umeibandika na gundi gani, rangi hii unaipata wapi, naye anawaeleza mmoja mmoja kama mwalimu. Wakashukuru. Juma lililofuata wawili kati yao walikuwa wamekaa mbele yake na hereni za bati.

"Uliwafundisha wewe mwenyewe," nikamwambia.

"Waliuliza, baba."

"Mtu akikuuliza ufunguo wa nyumba utampa?"

Akacheka. Mimi sikucheka.

Wa tatu ni rafiki yake. Huyo ndiye aliyeleta mabango. Akasema, chora matatu bure kwenye barabara ile ya maduka, watu waone mkono wako, watakuja wenyewe. Akachora la duka la chakula cha kuku, la saluni na la fundi viatu. Rangi alinunua yeye. Mbao alinunua yeye, na fedha za kununulia hata sisemi zilitoka wapi. Na kweli watu walikuja. Nilimsikia mmoja mlangoni.

"Nataka kama la yule wa kuku. Alikupa ngapi?"

"Yule nilimchorea bure."

"Basi na mimi."

Walikuja watano wa namna hiyo.

Dada yake mkubwa anakaa mji mwingine na mume wake. Yeye habembelezi. Amemtafutia mdogo wake nafasi ya kuuza kwenye duka la vifaa vya ujenzi, kukaa kaunta, kupima misumari. Mwisho wa mwezi wanataka jibu. Nilimwambia kwa simu kwamba mwenzake ana kipaji.

"Baba," akasema, "kipaji kinakula kwako. Nionyeshe mteja aliyelipa. Mmoja tu, na asiwe wa kusifia. Nikimwona huyo mmoja nitanyamaza. Nisipomwona, mwisho wa mwezi namfuata."

Nyumba yetu ina vyumba vitatu, na akiondoka nitabaki mimi na vyumba. Hilo sikumwambia.

Kwa hiyo siku ile ya simu nilimngoja binti. Alirudi jioni, rangi ya bluu sikioni.

"Mabango yale uliandika namba ya nani?"

Akaweka mfuko chini. "Ya mama."

"Kwa nini?"

"Simu yangu si ilikufa kioo. Na ile ndiyo namba pekee niliyo nayo kichwani. Nikaiandika chini, ya mchoraji, ili anayetaka bango apige."

"Anayetaka bango hajapiga. Amepiga anayetaka kusukwa."

Akakaa kwenye kiti cha mama yake. Akaanza kucheka, halafu akaacha, maana aliniona uso.

"Ulipokea, baba?"

"Ulitaka nifanye nini?"

"Ungeizima."

Hata yeye alijua hilo halizungumzwi. Akasema kesho atakwenda kuifuta.

Hakufuta. Alikwenda, lakini kila mwenye bango alimfukuza. Mwenye duka la kuku alisema bango likishatundikwa halishushwi, litamletea mkosi wa mauzo. Wa saluni alisema afute baada ya sikukuu. Fundi viatu alisema afute, ila akae yeye dukani siku nzima badala yake. Binti akarudi na kopo lake la rangi nyeupe, halijafunguliwa.

Simu ikaendelea. Nilichoka. Mtu akipiga kila mara nitasema umekosea, umekosea, mpaka lini? Mwisho nikaanza kujibu tu.

"Mnauza kwa kilo au gunia tu?"

"Sijui. Nenda ukaulize."

"Niko mbali. Mnaleta nyumbani?"

"Sijui."

"Mzee, wewe ni muuzaji gani?"

"Mimi si muuzaji."

"Inaonekana."

Mwingine aliuliza kama wana dawa ya kuku wanaokohoa. Mwingine, wanafungua saa ngapi. Mwingine alikuwa na kuku mia, amehama juzi, anatafuta mahali pa kununua kila wiki. Nikamwambia sijui, sijui, sijui. Huyo alinisonya.

Nilivaa viatu nikaenda mwenyewe kwa mwenye duka.

Duka lake ni safi. Magunia yamepangwa mpaka dari, na yeye katikati, mtu wa kitambi na kalamu sikioni. Nikamwambia, bwana, watu wako wananipigia mimi, andika namba yako kwenye bango uniache nipumzike.

"Namba ya nini, mzee? Mimi niko hapa hapa, kila mtu ananijua."

"Wasiokujua wananipigia mimi."

"Wangapi hao?"

"Mimi nihesabu wateja wako? Kuna mmoja wa vifaranga. Kuna wa dawa ya kikohozi. Kuna wanaotaka kwa kilo. Kuna mmoja wa kuku mia, amehamia huku juzi."

Akaitoa kalamu sikioni. "Kuku mia?"

"Ndivyo alivyosema."

"Ukamwambiaje?"

"Nikamwambia sijui."

"Mzee." Akazunguka kaunta akaja karibu yangu. "Mzee, ulimwambia hujui?"

"Sijui ndiyo. Mimi ningejuaje?"

"Umenipotezea mteja wa kuku mia."

"Mimi?"

"Wewe. Ameenda wapi?"

"Alinisonya akakata."

Basi akanigombeza kama mfanyakazi wake. Mimi, mtu mzima, nimesimama kati ya magunia nagombezwa kwa kazi nisiyoajiriwa. Nilimwambia kama ni lawama akalilaumu bango lake. Akasema bango halina kosa, mwenye kosa ni aliyelichora, na kwa kuwa alichora bure basi aje alirekebishe bure, tena leo, aandike namba yake, aandike kila kitu.

Nikarudi nyumbani nimevimba. Nikamweleza binti. Na hofu yangu ilikuwa moja tu, kwamba atasema ndiyo. Namjua. Akiulizwa gundi anataja, akiombwa bango anatoa. Siku za mwezi zilikuwa zimekwisha karibu zote.

Akanawa mikono, akachukua kopo. Nikamfuata nyuma. Moyoni nasema, huyu anakwenda kufanya kazi ya bure mara ya pili kwenye ubao ule ule.

Alipofika hakupanda ngazi. Alimwambia mwenye duka, "Kaka, njoo tuvuke."

"Tuvuke twende wapi?"

"Ng'ambo ya barabara. Mara moja tu."

Tukavuka wote watatu. Akamwonyesha bango. "Lisome."

Mwenye duka akakunja macho. Namba aliisoma yote, bila kukwama. Namba zilikuwa nene, nyeusi, zimekaa kama askari. Za mama yao. Halafu macho yakapanda kwenye jina la duka.

"Ku... hii ni nini, mkia?"

"Ni K."

"Mbona ina mkia?"

"Nilitaka ipendeze."

Jina zima lilikuwa hivyo, herufi zimejikunja, zina vivuli, zina majani. Ukisimama karibu ni kama kitambaa cha harusi. Ng'ambo ya barabara ni kama nyasi. Ndiyo maana walikuwa wakiona kuku aliyechorwa na kusoma namba tu.

"Namba ni kosa langu," binti akasema. "Niliandika ya kwangu, nikaiandika kubwa kuliko duka lako. Hiyo naifuta sasa hivi, bure, sikudai kitu. Lakini bango jipya, lenye maneno wanayoyauliza watu, hiyo ni kazi. Ni mbao mpya na rangi mpya. Nusu unatoa kabla, nikanunue vifaa. Nusu siku ya kutundika."

Mwenye duka akamtazama, akanitazama mimi. Mimi nilitazama barabara.

"Binti, mwezi uliopita ulinichorea bure."

"Mwezi uliopita sikujua nafanya nini."

"Sasa unajua?"

"Sasa najua watu wako wanauliza nini. Baba ameambiwa na wao wenyewe."

"Nitafikiria," akasema mwenye duka. Hilo nalo tunalijua. Akasema afute namba, aende.

Akapanda ngazi, akapiga msasa kidogo, akapaka. Mkono wa kwanza wa rangi, namba ilibaki inaonekana chini yake, kama mtu nyuma ya pazia. Tukangoja ikauke. Mkono wa pili ikapotea. Niliyetaka ifutwe ni mimi. Nikamwambia binti nimeona jua kali, natangulia nyumbani.

Kwa siku mbili simu haikulia kwa ajili ya kuku. Namba ya bango la saluni na la viatu nayo alikwishaifuta, alikwenda asubuhi kabla hawajafungua, akaacha kubembeleza. Nyumba ikawa kimya. Mimi niliomba kimya, na nilipokipata kikanikera pia.

Siku ya tatu mwenye duka la kuku akaja nyumbani. Alikataa kukaa.

"Leo wamepiga wangapi?"

"Nani?"

"Watu wangu."

"Hakuna. Amefuta."

"Hata mmoja?"

"Watapigaje, bwana? Wataota?"

Akasimama hapo anagusagusa kalamu yake. Nadhani ndipo ilipomwingia kwamba watu walewale wanaendelea kupita na pikipiki zao, wanaona bango la majani, wanaendelea mbele. Akatoa fedha. Aliitoa kama mtu anayeng'olewa jino. Hakumpa binti, alinipa mimi, akasema, "Mwambie anunue, na kuku awe mnene."

Binti alipoona ile fedha alikaa chini. Nilikwenda kupiga simu kwa dada yake.

"Mteja amelipa," nikasema.

"Amelipa nini?"

"Nusu."

"Nusu si mteja, baba. Nusu ni nusu mteja."

"Ndivyo wanavyofanya, mama. Kabla nusu, baada nusu. Asipochukua ya kwanza atanunua rangi na nini?"

"Na akikataa ya pili?"

"Bango litakaa huku."

"Litundikwe kwanza. Nikiona picha ya bango limetundikwa na amemaliza kulipa, nitawaambia wale watafute mtu mwingine. Lakini, baba, mwenzangu asije akawachorea tena bure."

"Mwambie mwenyewe, mimi nimechoka kumwambia."

Tulibakiwa na siku chache. Ungefikiri kazi sasa ni nyepesi. Tulikaa mezani, binti ananiuliza, wa kwanza aliuliza nini, wa pili aliuliza nini. Mimi natoa yote kichwani. Yeye anapanga. Juu, chakula cha kuku. Chini yake, vifaranga na wakubwa. Kwa kilo na kwa gunia. Tunaleta nyumbani. Namba ya mwenye duka. Mwenye duka akataka aongeze jina lake na la baba yake, na neno karibuni mara mbili, na saa za kufungua, na kwamba kuna dawa. Binti akamwambia, kila neno unaloongeza linapunguza ukubwa wa mengine, mwenye pikipiki hasimami kusoma barua. Wakabishana saa nzima. Dawa ikakubaliwa. Baba yake akaachwa. Karibuni ikabaki moja, kona ya chini, na mwenye duka akanuna.

Binti naye alinuna. Herufi nene bila mkia hazimfurahishi. Alipaka ubao rangi ya kwanza, akaacha ukauke, akapiga msasa, akapiga mistari kwa uzi wa chaki, akaanza kuandika, uso umekunjamana.

"Baba, hii si sanaa."

"Inasomeka?"

"Gazeti pia linasomeka."

"Gazeti linanunuliwa."

Akaniacha. Sanaa yote akaitia kwenye kuku. Alimweka pembeni, jike, anainama kudonoa, jicho moja linakutazama. Ni mnene kweli. Mwenye duka alipomwona alitabasamu kwa mara ya kwanza, halafu akasema, mbona hatagi. Binti akamwambia akitaka anayetaga bei ni nyingine. Nikageuka nisionekane nacheka. Ndiyo mara ya kwanza nilimsikia akisema neno bei mbele ya mtu.

Kabla ya kutundika alinipeleka ng'ambo ya barabara. Ubao umeegemezwa ukutani kwa duka, rangi bado mbichi.

"Soma, baba."

"Kwa nini mimi?"

"Kwa sababu wewe husomi upesi. Ukiweza wewe kutoka hapa, anaweza yeyote."

Hakusema kwa ubaya. Shule mimi sikwenda. Herufi nilizo nazo nilipewa na mama yao, jioni, kwa gazeti la kufungia sukari, nikiwa tayari na watoto wawili. Alikuwa akiweka kidole chini ya neno na kungoja. Alikuwa na subira sana na mimi, kuliko niliyokuwa nayo mimi na yeyote.

Nikasimama. Watu wanapita, wananisalimu, wanadhani nimepotea. Mwenye duka ameshika kiuno, anangoja hukumu.

"Cha-ku-la," nikasema. "Cha kuku. Vi-fa-ra-nga." Nikaendelea. Kilo nikaiona, gunia nikaliona. "Tu-na-le... tuna..." Hapo nikakwama. Jua lilikuwa kwenye rangi, na herufi zimesongamana, kama watu kwenye mlango.

"Tunaleta," binti akasema.

"Usinisaidie. Sikuona."

"Lakini baba, iko wazi."

"Kwako."

Mwenye duka akapaza sauti kutoka ng'ambo. "Mzee, acha ipite, nina wateja."

"Hujapata wateja bado," nikamjibu. "Ndiyo tunawatafuta."

Binti alivuka barabara. Alichovya kitambaa kwenye tina ya kuyeyushia rangi, akaufuta mstari wote wa tunaleta nyumbani, kazi ya asubuhi nzima, hakunung'unika. Akapiga uzi wa chaki upya, akaziachanisha herufi, akaliondoa neno karibuni kabisa ili apate nafasi. Mwenye duka akashika kichwa. Binti akamwambia, "Kaka, nusu yako iliyobaki utaitoa mzee akimaliza kusoma. Asipomaliza, usitoe."

Nikabaki nimesimama juani, miguu inaniuma, watu wawili wamenitolea macho, na pikipiki zinapita kati yetu. Nilitaka sana kwenda nyumbani. Rangi ilichukua muda. Hatimaye akasogea pembeni, brashi mkononi, akapaza sauti.

"Soma tena, baba. Kuanzia juu."